Kumwalika Diwani Kufungua Shughuli ya Mtaa Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya kamati za maandalizi za mitaani: vikundi vya akina mama, vijana wa michezo, kamati za shule, majirani walioamua kufanya jambo la pamoja. Ili tusizungumze hewani, tumechukua mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Mtaa mmoja wa Temeke unaandaa siku ya afya na michezo kwenye uwanja wa shule ya msingi. Wanatarajia watu wapatao 300. Kuna upimaji wa shinikizo la damu na sukari, mechi za watoto na vijana, na mabanda machache ya wajasiriamali. Wanataka diwani wa kata yao awe mgeni rasmi. Kama yako ni ufunguzi wa maktaba ndogo au kisima, badilisha majina, taratibu ni zile zile.

Tuanze na barua au tuanze kumpigia simu Mheshimiwa?

Anzeni ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa ndiye mwenyeji wa shughuli yoyote inayofanyika kwenye eneo lake, na akisikia habari za mgeni rasmi kutoka kwa watu wengine atajiona amerukwa. Mwelezeni nia, naye mara nyingi atawapa njia ya kumfikia diwani au atampigia yeye mwenyewe palepale. Simu hiyo ya kwanza ni ya kuuliza tu kama tarehe inawezekana. Haijawa mwaliko.

Baada ya simu, barua. Barua iende ofisi ya kata, ambako afisa mtendaji wa kata huipokea. Chukueni nakala mbili, moja ibaki pale na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na mrudi nayo. Nakala yenye muhuri itawasaidia mkifika polisi, mkifika shuleni kuomba uwanja, na hata mkienda kuomba msaada wa maji ya kunywa kwa mfanyabiashara wa jirani, kwa sababu kila mmoja atauliza, "Kata wanajua?"

Ni vizuri kukumbuka kwamba diwani si mtumishi wa ofisi ya kata. Ni mwakilishi aliyechaguliwa, ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri, na ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, yaani KAMAKA. Hakai ofisini siku nzima akisubiri barua. Barua inaweza kulala mezani kwa mtendaji wiki nzima bila diwani kuiona. Kwa hiyo siku mnayoipeleka, mtumieni Mheshimiwa picha ya barua hiyo kwa simu, na mstari mmoja wa kumjulisha kwamba nakala halisi iko ofisini.

Barua iandikweje?

Ukurasa mmoja. Mtu mwenye barua kumi mezani atasoma aya ya kwanza na atatafuta mambo manne: siku, saa, mahali, na anatakiwa kufanya nini. Yote manne yawe ndani ya aya hiyo. Kwa mtaa wetu wa mfano barua ilikuwa hivi:

> Mheshimiwa Diwani,
> Kata ya ……,
> Manispaa ya Temeke,
> DAR ES SALAAM.
>
> Kupitia kwa: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa
>
> YAH: MWALIKO WA KUWA MGENI RASMI, SIKU YA AFYA NA MICHEZO YA MTAA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kamati ya maandalizi ya mtaa wetu inakualika kwa heshima kuwa mgeni rasmi siku ya Jumamosi, tarehe ……, katika uwanja wa Shule ya Msingi ……. Tunaomba uwasili saa 4:00 asubuhi, utembelee mabanda ya afya, uwahutubie wananchi kwa dakika kumi na tano na ufungue mashindano kwa kupiga mpira wa kwanza. Tunatarajia kukuaga saa 5:30 asubuhi.
>
> Tunatarajia wananchi wapatao 300. Ratiba imeambatanishwa. Tutakuletea risala siku tatu kabla.
>
> Tunaomba ututhibitishie kabla ya tarehe …… kupitia kwa katibu wa kamati, simu namba …….

Angalieni ule mstari wa kumuaga saa 5:30. Kamati nyingi huuacha, zikidhani ni utovu wa adabu kumpangia mgeni saa ya kuondoka. Ukweli ni kwamba diwani wa Dar es Salaam siku ya Jumamosi anaweza kuwa na msiba, harusi na kikao cha chama. Akijua anahitajika saa moja na nusu tu, anakubali kwa urahisi zaidi. Akiona "kuanzia saa 3 asubuhi" bila mwisho, atakuja anapopata nafasi, na huko ndiko kuchelewa kunakoanzia.

Tumwandikie mapema kiasi gani?

Wiki tatu hadi nne. Chini ya wiki mbili mnamwomba avunje ahadi ya mtu mwingine. Zaidi ya miezi miwili, atasahau.

Tunachaguaje tarehe?

Hapa pana kazi kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo tuone jinsi mtaa wetu wa Temeke ulivyofika kwenye tarehe yake.

Walitaka miezi ya kiangazi, kwa sababu uwanja wa shule ukinyeshewa na masika, kuanzia Machi hadi Mei, hauchezeki. Mvua za vuli nazo huanza kuanzia Oktoba. Zikabaki Juni hadi Septemba. Mwanzo wa Julai waliuondoa mara moja: maonesho ya Sabasaba yanafanyika viwanja vya Barabara ya Kilwa, na kwa mtu wa Temeke foleni ya siku hizo inatosha kuharibu ratiba yoyote. Siku ya Nane Nane waliiacha kwa sababu ni sikukuu ya kitaifa na viongozi hualikwa kwingine. Septemba darasa la saba huwa kwenye mtihani wa taifa, na hakuna mwalimu mkuu atakayetaka vipaza sauti uwanjani kwake karibu na wiki hiyo.

Katika siku zilizobaki wakachagua Agosti baada ya Nane Nane. Hapo wakaangalia Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hiyo ni siku ya usafi wa mazingira nchi nzima, na asubuhi yake diwani, mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wote wanatarajiwa kuonekana na fagio na makoleo mitaani. Hivyo wakachagua Jumamosi ya tatu ya Agosti.

Kwa nini si Jumapili? Kwa sababu asubuhi ya Jumapili ni ya ibada kwa Wakristo, na kuwaita saa nne ni kuwaita nusu ya mtaa tu. Ijumaa nayo inakatwa na swala ya mchana. Kuhusu Ramadhani, Idi na Maulid, tarehe hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka na siku yenyewe hutegemea mwandamo wa mwezi. Kama shughuli inakaribia mojawapo, wekeni nafasi ya siku tatu kila upande.

Baada ya kalenda yenu, ulizeni kalenda yake. Madiwani wana kikao cha baraza kila robo ya mwaka, pamoja na vikao vya kamati za kudumu na ziara za kukagua miradi. Mwulizeni katibu wa vikao pale halmashauri, au mtendaji wa kata, kama wiki hiyo kuna kikao. Vikao huwa siku za kazi, lakini ziara za kamati zinaweza kusogea hadi Jumamosi.

Mpelekeeni diwani tarehe mbili, ya kwanza na ya akiba. Msichapishe mabango wala kusambaza mialiko kabla hajajibu. Bango lenye jina la mgeni ambaye hajathibitisha linamweka kwenye kona, na asipokuja, lawama zitamwangukia yeye wakati kosa si lake.

Ratiba ikae vipi?

Hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote: shughuli isimsubiri mgeni rasmi. Msiwakalishe akina mama na watoto kwenye viti tangu saa mbili wakitazama meza kuu tupu. Wapimaji wa shinikizo la damu waanze kazi, watoto waanze kucheza, muziki uwe wa chini. Diwani akifika anakuta shughuli hai na anaingia ndani yake. Hata akichelewa nusu saa hakuna aliyepoteza asubuhi yake, na yeye mwenyewe haaibiki kuingia mbele ya watu waliokunja nyuso.

Ratiba ya mtaa wetu ilikuwa hivi:

- Saa 2:00: upimaji wa afya na usajili wa timu
- Saa 2:45: mechi za watoto
- Saa 4:00: mgeni rasmi kuwasili na kupokelewa na mwenyekiti wa mtaa
- Saa 4:05: kutembelea mabanda
- Saa 4:25: meza kuu, sala na dua fupi, utambulisho
- Saa 4:40: ngonjera ya wanafunzi
- Saa 4:47: risala
- Saa 4:55: hotuba ya mgeni rasmi na kufungua rasmi
- Saa 5:15: neno la shukrani na picha
- Saa 5:30: mgeni kuagwa, mechi za vijana kuendelea

Kinachokula muda ni utambulisho. Mshereheshaji akianza kumwita kila mjumbe wa serikali ya mtaa asimame, apungie mkono na aseme neno, dakika kumi na tano zinakuwa arobaini. Mwandikieni orodha ya kusoma: mwenyekiti anatambulisha watu wake wote kwa pamoja, mtendaji wa kata anawatambulisha watumishi, na mgeni rasmi anatambulishwa wa mwisho. Anayetaka kusema neno atasema "itifaki imezingatiwa" na kuendelea.

Kuhusu sala na dua, mchagueni kiongozi mmoja wa Kikristo na mmoja wa Kiislamu, na muwaambie mapema kwamba kila mmoja ana dakika mbili. Wakiambiwa mezani, hawatasikia.

Akichelewa sana tufanye nini?

Mtu mmoja, si watano, awe na mawasiliano na dereva au msaidizi wake. Saa 3:30 ampigie kuuliza wamefika wapi. Jibu "tuko njiani" halitoshi, aulize wako sehemu gani. Mtu aliyeko Ubungo na anayekuja Temeke bado ana safari. Wakisema watachelewa zaidi ya nusu saa, pelekeni mbele mechi nyingine ya watoto na ngonjera, ili sehemu ya mgeni ibaki na utambulisho, risala na hotuba. Hizo zinatosha kwa dakika 35.

Ikifika saa 5:15 hajafika na hamna taarifa, mwenyekiti wa mtaa afungue, kwa maneno haya: kwamba Mheshimiwa amepata dharura na akifika atapewa nafasi ya kusalimia. Mjulisheni diwani kwa ujumbe kabla ya kufanya hivyo.

Akituma mwakilishi?

Mpokeeni kwa heshima ile ile. Huenda akawa diwani wa viti maalumu, mtendaji wa kata au mwenyekiti wa mtaa wa jirani. Kwa sababu hiyo vibao vya meza kuu viandikwe cheo cha siku hiyo, yaani "Mgeni Rasmi", bila jina. Risala nayo ianze "Mheshimiwa mgeni rasmi", ili msomaji asijikwae kwenye jina la mtu ambaye hayupo.

Meza kuu ikae wangapi, na nani akae wapi?

Saba wanatosha. Mgeni rasmi katikati. Kuume kwake mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye ndiye mwenyeji. Kushoto kwake mtendaji wa kata. Baada yao mwalimu mkuu ambaye mmetumia uwanja wake, mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, mganga au muuguzi anayesimamia upimaji, na mtendaji wa mtaa. Askari wa kata na viongozi wa dini wakae mstari wa mbele, pembeni ya meza kuu, wasibanwe nyuma ya meza.

Wekeni viti vitatu vya akiba nyuma ya meza kuu, vimefunikwa kitambaa kile kile. Lazima atatokea mgeni ambaye hakuwa kwenye orodha. Bila viti hivyo, mtu mzima atainuliwa mbele ya watu ili mwingine akae, na jambo hilo halisahauliki mtaani.

Sasa jua. Kwa shughuli ya asubuhi, jua liko mashariki. Mkiweka meza kuu itazame mashariki, mgeni atahutubia akiwa amefumba macho. Mkiigeuza itazame magharibi, wananchi ndio watakaopigwa na jua usoni, nao wataanza kusogea kutafuta kivuli huku hotuba ikiendelea. Pangeni uwanja kwa mstari wa kaskazini na kusini, meza kuu upande mmoja na wananchi upande wa pili, jua liwapige wote ubavuni, kisha mteremshe pazia la turubai upande wa mashariki. Mmoja wenu aende uwanjani saa nne asubuhi siku chache kabla, asimame pale pa meza kuu, aone. Mwenye maturubai akifika usiku kuyafunga atayafunga popote ambapo ardhi ni laini kupiga vigingi, kama hakuna wa kumwonyesha.

Viti vingapi kwa watu 300?

Kwa shughuli ya watu kutembeatembea, viti 150 hadi 180 vinatosha. Wengine wako kwenye foleni ya kupimwa, wengine wamezunguka uwanja wa mpira, na watoto hawakai. Kwa mkutano wa kukaa tu, hesabu ingekuwa nyingine.

Mstari wa kwanza na wa pili upande mmoja muwatengee wazee, wajawazito na wenye ulemavu, na mtu asimamie viti hivyo tangu asubuhi, vinginevyo vitajaa vijana ifikapo saa tatu. Acheni njia katikati ya viti, upana wa watu wawili kupita pamoja, kutoka nyuma hadi mbele. Hiyo ndiyo njia ya mgeni kuingilia, na ni hiyo hiyo ya kumtolea mtu akizimia. Waya za vipaza sauti zisiikatize. Kama hakuna jinsi, zibandikwe chini kwa utepe mpana na zifunikwe mkeka.

Polisi wanahusika vipi? Tunahitaji kibali?

Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kifungu cha 43, inamtaka anayeandaa mkusanyiko mahali pa hadhara apeleke taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo hilo, si chini ya saa 48 kabla. Taarifa itaje mahali, saa na madhumuni ya mkusanyiko. Polisi wanaweza kuzuia wakiona kuna hatari kwa amani.

Msingoje saa 48. Pelekeni siku saba kabla, mkiwa na nakala ya barua ya diwani yenye muhuri wa kata na nakala ya ruhusa ya uwanja kutoka kwa mwalimu mkuu. Andikeni idadi ya watu, kwamba kuna vipaza sauti, saa ya kuanza na kumaliza, na namba ya simu ya mtu mmoja wa ulinzi. Hiyo nayo ipigwe muhuri. Siku yenyewe katibu awe na nakala hizo zote kwenye bahasha moja, mkononi, kwa sababu askari wa doria waliopo zamu Jumamosi si lazima wawe ndio waliopokea barua yenu Jumatatu.

Kama mtafunga barabara, hata kichochoro kinachopitisha magari, au mtakuwa na burudani ya muziki, ulizeni ofisi ya kata mapema ruhusa zipi za halmashauri zinahitajika. Mtaa wetu uliepuka yote hayo kwa kubaki ndani ya uzio wa shule, na ni uamuzi tunaoupendekeza kwa kamati inayofanya jambo hili mara ya kwanza.

Diwani huja na walinzi?

Kwa kawaida huja na dereva na mtu mmoja au wawili. Kwa hiyo ulinzi wa siku hiyo ni wenu, mkishirikiana na askari wa kata na vijana wa ulinzi shirikishi. Na ulinzi huo ni wa watu wote 300. Hatari halisi kwenye shughuli kama hii ni mtoto kupotea, simu kuibwa kwenye msongamano, ugomvi wa mashabiki baada ya bao lenye utata, na jenereta au jiko la gesi kuwekwa vibaya.

Tuwapange vipi walinzi?

Mtaa wetu ulikuwa na vijana 12 wa ulinzi shirikishi, chini ya kiongozi mmoja ambaye hakupewa kazi nyingine yoyote. Walivaa fulana za rangi moja ili mwananchi ajue wa kumwendea. Wanne walikaa getini, wawili wakielekeza watu na wawili wakizuia bodaboda na bajaji zisijazane mlangoni. Wawili walikuwa maegesho. Wanne walizunguka mstari wa uwanja wa mpira. Wawili wa mwisho walikaa karibu na meza kuu, mmoja kila upande, wakitazama watu na si mgeni.

Geti ndilo la kuangaliwa zaidi. Shule nyingi zina geti kubwa moja. Likizibwa na magari ya wageni, gari la wagonjwa haliingii. Wageni waegeshe nje au upande mmoja uliotengwa, na gari la diwani ligeuzwe liangalie njia ya kutokea mara tu anaposhuka. Kama kuna mlango mdogo wa nyuma, mwombeni mwalimu mkuu ufunguo, na mlango ufunguliwe tangu asubuhi. Ufunguo ulio mfukoni mwa mlinzi aliyeenda kunywa chai haufungui kitu.

Jenereta likae mbali na viti, upande ambao moshi hautawaelekea watu, na dumu la mafuta lisiwe karibu nalo. Mama lishe wapike nje ya turubai. Wekeni meza moja yenye kibao cha "Watoto waliopotea", karibu na mshereheshaji, na mama mmoja anayefahamika mtaani aikalie. Namba za dharura, 112 ya polisi na 114 ya zimamoto, pamoja na simu ya kituo cha afya cha karibu, ziandikwe nyuma ya ratiba ya kila mwanakamati.

Mbunge au mkuu wa wilaya akijitokeza ghafla?

Hapo mtendaji wa kata ndiye wa kumsikiliza. Kanuni ya kufuata ni kwamba kiongozi mkubwa husema mwisho. Diwani atatoa salamu zake, kisha yeye mwenyewe atamkaribisha kiongozi huyo azungumze. Mshereheshaji asimruke diwani na kumwita mkubwa moja kwa moja, hata kama umati umeshangilia. Mkipata fununu siku moja kabla, wa kwanza kuambiwa awe diwani. Na mjulisheni mkuu wa kituo cha polisi, kwa maana mpangilio wa ulinzi utabadilika.

Vipi kuhusu siasa? Kuna wananchi wa vyama tofauti.

Diwani ametokana na chama, na hakuna anayemtaka ajifanye hana. Lakini shughuli ni ya mtaa. Andikeni kwenye mialiko kwamba sare na bendera za vyama hazitatumika, na mumweleze msaidizi wake hivyo hivyo mapema na kwa upole. Wasalimieni watu kwa "wananchi wa mtaa wetu". Mkikaribia uchaguzi mkuu, ambao huwa kila baada ya miaka mitano, mabaraza ya madiwani huvunjwa kabla ya uchaguzi. Kipindi hicho hakuna diwani wa kumwalika, na aliyekuwa diwani huenda ni mgombea. Mwalikeni mtendaji wa kata badala yake.

Risala iseme nini?

Kurasa mbili kwa maandishi makubwa, dakika saba za kusoma. Mtaa ni upi, mmefanya nini kwa nguvu zenu, kikwazo ni kipi, na ombi moja. Ombi moja, si kumi na mbili. Risala yenye maombi kumi na mbili inampa mgeni nafasi ya kujibu "nimeyapokea" na kuondoka.

Ombi liendane na uwezo wake. Diwani haweki saini ya kutoa fedha za halmashauri. Anachoweza ni kulipeleka jambo kwenye KAMAKA, kulisemea kwenye baraza, na kuwakutanisha na mtaalamu anayehusika. Kwa mfano, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Kikundi cha wajasiriamali kikimwomba diwani "atupe mkopo", kimemwomba asichonacho. Kikimwomba afisa maendeleo ya jamii wa kata aje mtaani siku fulani kuwaelekeza namna ya kusajili kikundi na kujaza maombi, hilo anaweza kulijibu pale pale, na mara nyingi afisa mwenyewe yuko uwanjani.

Msomaji awe na sauti na awe amesoma kwa sauti mara kadhaa. Akimaliza, anainama kidogo na kumkabidhi mgeni nakala safi kwa mikono miwili.

Tendo la kufungua liwe lipi?

Moja tu, na wote walione. Kwenye michezo, kupiga mpira wa kwanza katikati ya uwanja kunafaa kuliko kukata utepe. Kama ni utepe, mkasi uwe wa fundi cherehani na ujaribiwe kwenye utepe wenyewe. Utepe wa satini ukikatwa na mkasi wa shule hukunjika katikati ya makali, na mgeni anabaki akiuvuta huku kamera zote zikimtazama.

Tumlipe? Tumpe zawadi?

Hakuna ada ya kufungua shughuli. Maji, kivuli, chakula kile kile wanachokula wengine, na kama ni desturi yenu, zawadi ndogo ya kumbukumbu kama kitenge au picha ya siku hiyo. Bahasha za fedha ziachwe kabisa. Naye asilazimishwe kuchangia papo hapo kwa kupitishiwa kikapu mbele ya watu. Akitaka kuchangia atasema.

Baada ya shughuli?

Ndani ya wiki moja andikeni barua ya shukrani, na ndani yake mnukuu alichoahidi kwa maneno yake, pamoja na tarehe aliyoitaja. Katibu ayaandike wakati wa hotuba, kwa sababu baada ya siku tatu kila mtu anakumbuka ahadi tofauti. Kwenye mfano wetu diwani alisema afisa maendeleo ya jamii atakaa ofisi ya mtaa Jumatano mbili mfululizo. Barua iliandikwa hivyo hivyo, nakala ikaenda kwa mtendaji wa kata ili iingie kwenye mambo ya kikao kijacho cha KAMAKA, na nyingine ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, chini ya ratiba ya zamu za ulinzi shirikishi.